Chambavu: kutoka mguu unaochechemea hadi shimo la mzoga

Chambavu huchagua. Kwenye zizi lenye ng'ombe wa kila umri, huwapita wazee waliokonda na kuwaendea mitamba na madume vijana walionona, wale ambao mfugaji alikuwa ameshaanza kuwapigia hesabu. Jioni mnyama amerudi malishoni ameshiba, asubuhi anaburuta mguu, na kabla ya siku ya pili kwisha ni mzoga. Kwa kasi hiyo si ajabu wengi kudhani ameumwa na nyoka au ametiliwa sumu. Kosa linalofuata ni kubwa zaidi: mzoga unachunwa, nyama inagawanywa, na udongo wa zizi unapokea mbegu za ugonjwa zitakazoua tena miaka mingi baadaye.

Hapa nafuata siku chache zinazoamua mambo: asubuhi ya kuchechemea, saa za tiba, namna ya kuushughulikia mzoga, na wiki mbili baada ya chanjo ambazo watu wengi huzisahau.

Ugonjwa unakotoka

Chambavu husababishwa na bakteria wa jamii ya klostridia anayeishi udongoni akiwa katika umbo la spora, yaani mbegu yenye ganda gumu. Spora hustahimili jua, ukame na dawa nyingi za kawaida za kuulia vijidudu, na hukaa ardhini miaka mingi. Ng'ombe huzimeza pamoja na majani au maji, hasa anapolisha karibu sana na udongo, mahali palipofurika au palipochimbuliwa karibuni. Kutoka utumbo, spora huchukuliwa hadi kwenye minofu na kulala humo. Mnyama anaweza kutembea nazo bila kuonyesha dalili yoyote.

Kinachoziamsha ni kukosekana kwa oksijeni. Dume kijana akipigwa pembe kwenye paja, au mtamba akibanwa mlangoni mwa zizi, damu huvilia ndani ya mnofu na sehemu ile hukosa hewa. Spora huchipuka, bakteria huzaana na kutoa sumu, sumu inaua mnofu wa jirani, na mnofu uliokufa unazidi kukosa oksijeni. Mzunguko huo ndio unaoupa ugonjwa kasi yake. Ndiyo maana pia kwa ng'ombe mara nyingi huoni jeraha lolote juu ya ngozi. Kondoo ni tofauti kidogo: kwao ugonjwa huingia zaidi kupitia kidonda, kwa mfano cha kukata manyoya, kuhasi au kuzaa.

Jambo moja la kushika tangu mwanzo ni kwamba chambavu haiambukizwi na mnyama kwa mnyama kama mafua. Wawili wakiugua wiki moja, ni kwa sababu wamekula udongo uleule. Kumtenga mgonjwa kunasaidia kumtibu na kumpumzisha, lakini hakuwakingi waliobaki. Kinachowakinga ni kuwatoa kwenye malisho yale na kuwachanja.

Umri unaoshambuliwa sana ni kati ya miezi 6 na miaka 2. Ndama mdogo hulindwa kwa muda na kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mwanzo ya mama aliyechanjwa au aliyewahi kukutana na vijidudu hivi. Ng'ombe mkubwa huwa amejijengea kinga, ingawa mara mojamoja naye hufa.

Asubuhi ya kuchechemea

Tuchukue kundi la ng'ombe 31: majike wakubwa 14, fahali 1, vijana 10 wa kati ya miezi 7 na miaka 2, na ndama 6. Mvua zimeanza, joto ni kali, na wiki iliyopita kundi lilihamia bondeni palipochimbwa mtaro. Saa 12 asubuhi mtamba wa miezi 14 anakataa kutoka zizini. Mguu wa nyuma wa kulia hauukanyagi sawasawa, amejitenga, masikio yameanguka, hacheui.

Hatua ya kwanza ni kipimajoto, kabla ya kumgusa mguu na kabla ya kuanza kumkimbiza huku na huku. Kiingize kwenye njia ya haja kubwa, kiegemee ukuta wa ndani, kisizame katikati ya kinyesi, na ukiache kwa muda kinaohitaji. Ng'ombe mzima huwa na nyuzijoto 38 hadi 39.3 hivi. Mtamba wetu ana 41.3. Mguu uliovunjika au kuteguka haumpandishii mnyama joto namna hiyo saa chache baada ya kuumia. Kipimo hicho peke yake kinatosha kukufanya umpigie simu daktari wa mifugo wakati huohuo.

Wakati unamsubiri, angalia kwato. Ugonjwa wa kuoza kwato nao huleta kuchechemea na pengine homa, lakini uvimbe wake uko chini, juu kidogo ya kwato, na ukipanua nafasi kati ya kwato mbili utaona kidonda chenye harufu mbaya. Kwato za mtamba ni safi. Panda juu sasa, taratibu, ukitumia kiganja: kifundo, goti, paja, nyonga, kisha mgongo, bega, shingo na kidari. Chambavu hupenda sehemu zenye mnofu mnene. Mara chache hujificha kwenye ulimi, kiwambo cha kupumulia au moyo, na hapo hakuna uvimbe utakaouona. Mnyama hufa tu.

Saa 12 asubuhi paja la mtamba lina uvimbe mdogo, wa moto, na akiguswa anaruka kwa maumivu. Saa 6 mchana uvimbe umeenea hadi nyongani, na jambo geni limetokea: katikati umekuwa wa baridi, ngozi imekaza na kuwa nyeusi-nyeusi, na mtamba hashtuki tena ukimgusa. Watu hufurahi wakidhani maumivu yamepungua. Kinyume chake, mnofu wa chini umekufa na mishipa ya fahamu imekufa nao. Ukibonyeza kwa vidole unasikia mchakacho chini ya ngozi, kama karatasi kavu inayokunjwa. Hiyo ni gesi inayotolewa na bakteria, na katika ng'ombe kijana asiye na kidonda ni dalili yenye uzito kuliko nyingine zote. Kuumwa na nyoka huleta uvimbe mkubwa pia, lakini kwa kawaida uvimbe huo hujaa maji na huuma, wala hauanzi na mchakacho wa gesi.

Joto nalo linaweza kukudanganya. Mgonjwa aliyekaribia kufa anaweza kuwa na joto la kawaida au hata chini ya kawaida. Ukimkuta mnyama amelala, uvimbe unachakacha na kipimajoto kinasoma 37.8, usiseme homa imeshuka.

Tiba ina mlango mwembamba

Penisilini huua bakteria wa chambavu. Shida ni kuifikisha. Dawa husafiri kwa damu, na mnofu uliokufa hauna damu inayopita. Kwa hiyo tiba ina nafasi pale homa na kuchechemea vinapoanza, kabla ya mchakacho. Baada ya hapo uwezekano wa kupona unashuka haraka, na hata anayenusurika anaweza kupoteza kipande kikubwa cha mnofu kinachooza na kudondoka, akabaki kilema.

Daktari akifika mapema kwa kawaida ataanza na dozi kubwa ya penisilini, mara kadhaa zaidi ya ile ya kukinga nitakayoieleza baadaye. Pengine ataanzia kwenye mshipa kwa aina ya dawa inayoruhusiwa kuingia hapo, kisha aendelee kwenye msuli kwa siku kadhaa pamoja na dawa ya kupunguza maumivu na homa. Nasisitiza aina ya dawa kwa sababu penisilini nyeupe yenye mchanganyiko wa prokaini, ile inayopatikana kwa urahisi zaidi, haichomwi kwenye mshipa kamwe. Ikiingia huko inaweza kumwangusha mnyama palepale.

Usichanje uvimbe kwa kisu ili "kutoa damu chafu", wala usiuchome kwa chuma cha moto. Utamwaga vijidudu zizini, na kama ugonjwa kumbe ni kimeta utajiweka hatarini wewe mwenyewe. Usimlazimishe kutembea kwenda josho au kituo cha mifugo pia. Daktari ndiye amfuate.

Mtamba wetu alipata sindano ya kwanza saa 8 mchana, mchakacho ukiwa umeshaanza. Alfajiri ya siku ya pili alikutwa amekufa.

Mzoga: weka kisu chini

Ng'ombe aliyekufa kwa chambavu huvimba tumbo haraka, mguu wa upande ulioathirika hunyooka na kuinuka juu, na povu lenye damu linaweza kutoka puani na kwenye njia ya haja kubwa. Na hapo ndipo ugumu ulipo, maana kimeta nacho huua ghafla na kutoa damu kwenye matundu ya mwili. Vitabu hutofautisha: kwenye kimeta damu inayotoka ni nyeusi na haigandi, mwili haukakamai sawasawa, na wengu huvimba sana, kwenye chambavu mnofu ni mweusi, mkavu, una matundu ya gesi na hunuka kama siagi iliyochacha. Lakini wengu na mnofu huwezi kuviona bila kupasua, na ukipasua mzoga wa kimeta, bakteria wakikutana na hewa hugeuka spora kwa wingi. Kimeta huua watu. Kwa hiyo kila mzoga wa kifo cha ghafla uchukuliwe kuwa wa kimeta mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mtaalamu aliyevaa glovu huchukua tone la damu, kwa mfano kwenye mshipa wa sikio, hulipaka kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Kimeta kikiondolewa, anaweza kuvuta majimaji ya uvimbe kwa sindano au kukata kipande kidogo cha mnofu kwa ajili ya maabara. Afanye hivyo mapema iwezekanavyo baada ya kifo, kwani klostridia wengine huhama kutoka utumbo na kuingia kwenye minofu ya mzoga kwa saa chache tu, na majibu yakavurugika. Ukimwita kesho yake mchana, juani, huenda sampuli isiseme chochote cha maana.

Toa taarifa ofisi ya mifugo hata kama una uhakika na jicho lako. Jirani anayelisha bonde lilelile anahitaji kujua leo.

Nyama haifai kuliwa, hata ikichemshwa siku nzima. Najua ugumu wa neno hili kwa familia iliyopoteza mtamba wa miezi 14. Lakini spora hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida, hujui kama ni kimeta, na kitendo chenyewe cha kuchuna na kukatakata husambaza ugonjwa kwenye visu, viatu, mbwa na udongo wa nyumba nzima. Ngozi nayo haichunwi wala kuuzwa.

Shimo

Chimba karibu na pale mnyama alipofia, mradi pawe mbali na kisima, mto na mahali panapofurika, na maji ya ardhini yasiwe karibu na uso. Kila mita unayomburuta ni mstari wa damu na kinyesi ardhini. Akilazimika kusogezwa, mlaze juu ya turubai zito au bati na uvute hilo. Kabla ya kumgusa, vaa glovu na mabuti, funika kidonda chochote ulicho nacho mikononi, na uzibe pua, mdomo na njia ya haja kubwa ya mzoga kwa pamba au matambara yaliyolowa dawa ya kuulia vijidudu.

Kwa mnyama wa kilo 200 hivi, shimo la urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha mita 2 linatosha. Hizo ni mita za ujazo 6 za udongo, kazi ya nusu siku kwa watu kadhaa kwenye ardhi ya kawaida. Kipimo cha kweli ni udongo utakaokuwa juu ya mzoga: usipungue mita 1 baada ya kufukia. Mzoga uliolazwa ubavu huchukua kama sentimita 60 hadi 80, kwa hiyo kwenye shimo la mita 2 unabaki na nafasi ya kutosha. Shimo la mita 1 linalochimbwa kwa haraka jioni huacha sentimita 20 hadi 40 tu, na usiku huohuo mbwa au fisi watalifukua.

Mzoga ukishaingia, kwangua udongo wa pale alipolala, kina cha sentimita 15 hadi 20, pamoja na majani ya kulalia na samadi iliyolowa, vyote viingie shimoni. Matambara, pamba na glovu za kutupa viende hukohuko. Usipasue tumbo ili mzoga "utulie". Ndiyo, utavimba na kuinua udongo kidogo, kisha baada ya siku kadhaa utashuka na utaongeza udongo. Fanya tuta juu, panga mawe mazito au miiba, na uzungushie uzio ili ng'ombe wasilishe hapo.

Chokaa huzungumzwa sana. Wengi huinyunyiza na kuridhika, halafu shimo lenyewe ni fupi. Chokaa haiui spora vya kutosha, na penye shaka ya kimeta wataalamu hawaipendekezi, kwa kuwa kalsiamu iliyomo huweza kuzisaidia spora kudumu ardhini. Nguvu ya kubeba gunia la chokaa ni bora iende kwenye sentimita 50 za ziada za kina.

Kuchoma ni njia bora zaidi ya kuua spora pale kuni zinapotosha na moto unaruhusiwa, lakini mzoga uteketee wote, na udongo wa chini yake uungue nao. Kuchoma nusunusu kunaacha minofu mibichi katikati ya majivu, na hapo ni afadhali ungefukia.

Vifaa vya chuma vipitishwe motoni. Mabuti na makoleo yaoshwe kwanza kwa sabuni hadi tope liishe, ndipo yawekwe kwenye dawa yenye klorini, kwani klorini hupoteza nguvu ikikutana na uchafu.

Waliobaki: chanjo na pengo la siku 14

Sasa tuna vijana 9 na ndama 6 waliokula udongo uleule. Jambo la kwanza, siku hiyohiyo, ni kuwahamisha kutoka bondeni kwenda malisho ya juu, makavu, yenye majani marefu yasiyowalazimisha kung'oa na mizizi. Wapelekwe polepole. Kuwakimbiza na kuwapiga fimbo mapajani ni kuvilisha damu mahali palepale ambapo spora huenda zimelala.

Halafu chanjo. Chanjo ya chambavu imetengenezwa kwa bakteria waliouawa na sumu yao iliyodhoofishwa. Mwili unahitaji kama siku 14 kujenga kinga ya maana, na mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa anahitaji dozi ya pili baada ya wiki 4 ili kinga idumu. Katika hizo siku 14 za kwanza ng'ombe amechanjwa lakini bado hajakingwa. Akifa siku ya tano, wafugaji husema chanjo ni mbovu, au kwamba chanjo ndiyo iliyomuua, na mwaka unaofuata hawachanji. Kumbe spora zilikuwa zimeshaamka kabla ya sindano.

Pengo hilo linaweza kupunguzwa kwa penisilini ya kinga wakati wa mlipuko. Dozi inayotajwa ni yuniti 10,000 kwa kila kilo ya uzito, kwenye msuli. Pima uzito kwa utepe unaozungushwa kifuani. Dume kijana wa kilo 180 anahitaji yuniti 1,800,000. Kama chupa inasema kila mililita ina yuniti 300,000, hiyo ni mililita 6. Daktari ataamua kama irudiwe na baada ya muda gani. Yeyote aliyepewa dawa hii asichinjwe, wala maziwa yasitumiwe, mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zimalizike.

Hapa kuna mtego ambao hata watu wazoefu huuingia. Ziko chanjo za pamoja, chambavu na kimeta ndani ya chupa moja. Sehemu ya chambavu imekufa, lakini ya kimeta kwa kawaida ina spora hai zilizopunguzwa makali, na lazima zichipuke mwilini ndipo kinga itokee. Ukimchoma mnyama chanjo hiyo pamoja na penisilini, dawa inaua kinga ya kimeta kabla haijaanza. Utabaki ukiamini umewakinga na magonjwa mawili, kumbe ni moja. Kwa hiyo kwenye mlipuko unaohitaji penisilini omba chanjo ya chambavu pekee, na ile ya kimeta panga baadaye dawa ikishatoka mwilini. Soma lebo kabla ya kuvuta sindano.

Katika kundi letu, vijana 9 walipata penisilini na chanjo ya chambavu pekee siku ya pili. Ndama 4 waliotimiza miezi 3 walichanjwa pia. Wawili wenye wiki chache waliachwa, kwa sababu kinga ya mama ingeweza kuizuia chanjo isifanye kazi; wakaandikwa kuchanjwa baadaye. Majike wakubwa na fahali walichanjwa kwa kuwa chupa ikishafunguliwa haihifadhiwi kwa ajili ya wiki ijayo, na kinga ya mama huenda kwa ndama kupitia maziwa ya mwanzo.

Kila asubuhi na jioni kwa siku 14 mchungaji aliwatembeza hatua 20 mbele yake na kutazama miguu. Aliyechelewa kuinuka alipimwa joto. Siku ya nne dume wa miezi 18 alikuwa na 40.8 na kuchechemea kidogo begani, bila uvimbe. Alipewa dozi ya tiba ndani ya saa moja, akaendelea nayo siku tano, akapona. Tofauti kati yake na mtamba ni zile saa nane za mwanzo.

Siku yenyewe ya kuchanja

Chanjo hii huharibika kwa joto, na wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba kuganda nako huiharibu. Ihifadhiwe kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kwenye kisanduku cha baridi, weka gazeti au kitambaa kati ya chupa na vipande vya barafu, na usiweke chupa kwenye sehemu ya kugandishia ya friji hata kwa dakika chache "ili ipoe". Iliyoganda kisha ikayeyuka huweza kuonekana na mabonge au mashapo yanayoshuka upesi ukiitikisa. Itupe. Chupa nzima, hata kama uchungu unakukaba.

Tikisa chupa kabla ya kila kuvuta, kwa sababu kiambato kinachoamsha kinga hutuama chini. Usipotikisa, ng'ombe wa kwanza watapata maji na wa mwisho uzito wote. Acha sindano moja safi ikiwa imechomekwa kwenye kizibo cha kuvutia, na tumia nyingine kwa wanyama. Bora kila mnyama awe na sindano yake. Ikishindikana, badilisha mara kwa mara na usirudi kwenye chupa kwa sindano iliyoingia mwilini. Bomba linalotumika tena lisafishwe kwa kuchemshwa, si kwa dawa, kwani mabaki ya dawa huua chanjo, hasa ile yenye vijidudu hai.

Kipimo ni kile cha kwenye lebo. Huchomwa chini ya ngozi, upande wa shingo au nyuma ya bega: vuta ngozi iinuke, ingiza sindano kwenye kikunjo, sukuma. Angalia manyoya ya upande wa pili. Yakilowa, sindano imetokeza nje na mnyama huyo hajachanjwa, rudia. Mwekee alama ya rangi aliyekamilika, maana kwenye zizi lenye vumbi mitamba miwili ya kahawia hufanana sana.

Kivimbe kidogo mahali pa sindano kwa siku au wiki kadhaa ni kawaida. Kinasogea chini ya vidole, hakichakachi, na mnyama anakula. Kikiwa na moto, kinaenea na mnyama ana homa, mpigie daktari.

Kalenda baada ya hapo

Walioanza siku ya pili warudie dozi wiki 4 baadaye. Watu hupenda kuiruka dozi hii kwa kuwa vifo vimekoma, na matokeo yake huonekana mvua za mwaka ujao. Baada ya hapo ni mara moja kwa mwaka, wiki mbili hadi nne kabla ya msimu ambao ugonjwa huzuka kwenu, ambao mara nyingi ni wa joto na mvua. Ndama waanze wakiwa na miezi 3 hadi 6 kama lebo inavyoelekeza. Aliyeanza kabla ya miezi 4 arudiwe akishatimiza miezi 6 hata kama alipata dozi mbili, kwa kuwa kinga ya mama huenda ilimeza ya kwanza.

Ng'ombe kijana unayemnunua mchukulie kuwa hajachanjwa, labda uwe na kadi mkononi. Mchanje siku ya kufika, na umweke kwenye malisho makavu yasiyo na historia ya vifo kwa wiki mbili. Kuhasi, kukata pembe na safari za gari kwa vijana zipangwe baada ya kinga kuimarika, si wiki ileile ya chanjo. Na shimo la mtamba lichorwe kwenye daftari la shamba pamoja na tarehe, kwa hatua kutoka mti au kona ya uzio, ili atakayetaka kuchimba mtaro au msingi wa nyumba miaka kumi ijayo asiufukue udongo ule.